Hakuna aliyekata bilioni zenu

Jana tena simu hapa Hazina kutoka kwa mkurugenzi wa mipango wa wizara moja. "Kaka, kitabu cha bajeti cha mwaka jana kilituandikia bilioni 52 kwa mwaka huu. Leo ukomo wa bajeti yetu unasoma 46. Sita zetu mmezipeleka wapi?"

Hizo sita hazijawahi kuwepo. Kwenye mfumo wa matumizi wa muda wa kati, Bunge hupitisha safu moja tu, ya mwaka unaoanza Julai Mosi. Safu mbili zinazofuata, za miaka miwili ya mbele, ni makisio, na mwakani hesabu hupigwa upya.

Wala ukomo hautokani na maombi. Hazina huanzia juu: mapato, misaada, na mikopo inayobebeka. Malipo ya deni la taifa yanatoka kwanza, kisha mishahara, kinachobaki kinagawiwa mafungu, yaani wizara na taasisi. Shilingi ikiporomoka, marejesho ya mikopo ya nje yanavimba, na ukomo wako unasinyaa hata kama andiko lako limeandikwa na malaika.

Linaloniudhi hasa ni imani kwamba wizara inazo bilioni 46 za kupangia. Chukua fungu la mfano lenye ukomo huo. Miradi yenye mikataba iliyokwisha kusainiwa inadai 31. Matumizi mengineyo, yaani umeme, pango, mafuta ya magari, yanadai 11. Zimebaki 4. Vipaumbele vipya vyote, pamoja na vile vilivyotangazwa jukwaani, vinagombania hizo 4.

Ndipo ujanja unapoanza. Afisa bajeti mzoefu anaandika umeme nusu, hati za malipo za mkandarasi anazisahau, na nafasi iliyopatikana anaingiza jengo jipya. Anajua hakuna atakayekubali wizara ikae gizani, kwa hiyo Februari atarudi na barua ya kuomba nyongeza. Nayajua haya kwa sababu niliyafanya nilipokuwa upande ule, tena kwa ufanisi.

Dawa yake ni kuweka matumizi halisi ya mwaka uliopita kando ya maombi. Umeme ulikula bilioni 2, leo ameomba 1.1, na majengo hayajapungua? Mrudishie vitabu vyake. Ukimwachia, tofauti inageuka malimbikizo ya madeni, na mwakani yanakula zile 4 kabla hamjakaa kikao.

Ila mkurugenzi yule ana hoja, ingawa sikumwambia. Wizara nyingi hujaza makisio ya miaka ya mbele kwa kupachika asilimia juu ya mwaka wa kwanza, usiku wa mwisho. Nasi tukishayapokea hatuyafungui tena. Sina hakika kama tunapanga miaka mitatu au tunaupanga mmoja mara tatu. Kungekuwa na ukurasa mmoja tu unaoonyesha tumetokaje 52 hadi 46, kiasi gani ni mapato yaliyokisiwa upya, kiasi gani ni mradi uliohamia fungu jingine, asingehitaji kunipigia.