Ombi la kotesheni: "bei ngapi?" tatu za WhatsApp kuwa barua moja

Ombi la kotesheni ni ujumbe wa maandishi unaowataka wauzaji kadhaa watoe bei ya kitu kilekile, kwa masharti yaleyale, kabla ya tarehe moja. Si oda, kwa maana anayelituma hajakubali kununua chochote. Ofisi za serikali nchini Kenya zinafungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, inayotaka ombi la aina hii lipelekwe kwa wauzaji wasiopungua watatu. Vikundi na makanisa huiga desturi hiyo bila kulazimishwa, na mara nyingi huanzia kwenye simu.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa mpunga Ahero kinachotaka kuezeka stoo. Katibu amewaandikia wauzaji watatu wa Kisumu:

"Bosi, mabati ya mita tatu mnauza ngapi?"

"Habari ya asubuhi. Naulizia mabati geji 30, kama 70 hivi. Bei ya mwisho?"

"Mko na mabati na misumari? Tunahitaji 80. Mnaleta hadi Ahero?"

Wa kwanza anajibu 890 kwa bati. Wa pili, 1,050. Wa tatu anasema 92,500 kila kitu. Mweka hazina akiyaona majibu hayo atakimbilia 890, na hapo ndipo kikundi kinapoumia, kwa sababu bei hizo tatu ni za vitu vitatu tofauti.

Wengi hudhani kuandika upya maswali haya ni kufuta "bosi" na kuweka "tafadhali". Lugha ndiyo sehemu nyepesi. Ukiyaweka maswali hayo sambamba utaona yanapingana: mabati ni 70 au 80? Geji imetajwa mara moja tu, urefu mara moja tu, misumari mara moja tu. Muuzaji hawezi kukuamulia mambo hayo. Katibu anarudi kwa fundi, paa linapimwa, na jibu linakuwa mabati 80 na kilo 12 za misumari. Kisha kikundi kinaamua geji. Kumbuka kwamba namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na anayeulizwa "mabati" tu ana haki ya kukupa bei ya lile jepesi.

Sasa barua inaandikika, na haihitaji kuwa ndefu:

"Kwa Meneja wa Mauzo. Tunaomba kotesheni ya bidhaa zifuatazo: (1) mabati ya mawimbi yasiyopakwa rangi, geji 30, urefu wa mita 3, vipande 80, (2) misumari ya mabati, kilo 12. Tafadhali onyesha bei ya kila kipande, VAT ya 16% ikiwa imejumlishwa, na gharama ya kuleta hadi Ahero kwenye mstari wake peke yake. Taja mtengenezaji wa mabati, siku ambazo bei itadumu, muda wa kuleta mzigo na utaratibu wa malipo. Majibu yatufikie kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa. Ombi hili si oda."

Usafiri umetengwa kwa makusudi. Bei ya jumla ya "kila kitu" huficha kipi ni ghali, na ukitaka kukodi pikapu yako mwenyewe hujui utapunguziwa kiasi gani. "Bei ya mwisho" nayo imeondoka, maana kupatana bei kuna wakati wake, baada ya majibu kufika.

Barua hiyohiyo, bila kubadilishwa hata neno, inatumwa kwa wote watatu siku moja. Mmoja akiuliza, "Misumari iwe na raba?", jibu linakwenda kwa wote, ukimjibu yeye peke yake, umesharudi kwenye bei za vitu tofauti. Na bei ya mmoja usimwonyeshe mwenzake.

Katika mfano wetu, tuseme yule wa 890 sasa anaandika 1,080. Hajapandisha bei: ya kwanza ilikuwa ya geji 32, bila VAT. Akiongeza misumari ya 2,400 na usafiri wa 5,000, jumla yake inafika 93,800, juu ya yule wa 92,500 aliyeonekana ghali, tukichukulia kwamba bei yake haikubadilika.

Baada ya hapo, jibu moja likiwa chini sana kuliko mengine, usishangilie. Mpigie umuulize geji na urefu, na mzigo ukifika pima bati kabla ya kusaini kwamba umeupokea. Muuzaji akileta pendekezo lake, kwa mfano geji 28 kwa nyongeza kidogo, si vibaya, ila liandikwe pembeni kama chaguo jingine, lisichanganywe na bei unazolinganisha. Na kama unachotaka ni mifuko mitatu tu ya saruji, piga simu ukanunue; barua ya namna hii itakumalizia siku bure.