“Ashasaini, Hana Lake”

Nimeambiwa tena hiyo, safari hii na mjomba wa kijana mmoja wa Kwale anayelinda lango la jengo huko Doha. Kijana alinitumia picha ya mkataba wake wa Kiarabu nimtafsirie.

Picha yenyewe balaa. Kidole gumba kimefunika ukingo wa kulia, na Kiarabu huanzia huko huko kulia, kwa hiyo kila mstari ulikatwa kichwa. Halafu tarakimu: tano ya Kiarabu ni kiduara kama sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta tu. WhatsApp ikiibana picha, nukta inapotea na 1,200 inasomeka 120. Nikamwambia atandaze karatasi mezani, apige kila ukurasa pamoja na muhuri, kisha atume kama dokyumenti.

Ilipokuja safi nikasoma: mshahara wa msingi riyali 1,200, nyumba na chakula juu ya mwajiri, saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Yeye anafanya saa 12 kwa hiyo hiyo 1,200, kwa sababu karatasi ya Kiingereza aliyosaini kwa ajenti Nairobi imeandika saa 12.

Sasa mjomba, nisikilize. Sheria ya kazi ya Qatar, namba 14 ya 2004, kifungu cha 9, inasema mkataba ni wa Kiarabu, na tafsiri ikipishana nao, Kiarabu ndicho kinachoshika. Lakini hata Kiarabu nacho kingempunja, kuna kifungu cha 4: sharti linalompunguzia mfanyakazi kile alichopewa na sheria ni batili. Batili, hata alisaini mara tatu mbele ya mashahidi na ajenti akampa soda. (Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, namba 15 ya 2017, msiwachanganye.)

Hesabu ni nyepesi. 1,200 gawa kwa 30, gawa kwa 8, ni riyali 5 kwa saa. Kwa kanuni ya jumla saa ya ziada huongezwa angalau asilimia 25, ikawa 6.25; ila aulize Wizara ya Kazi kama kanuni hiyo inawahusu walinzi, maana kifungu cha 76 kinawatenga. Saa 4 kwa siku 26 ni saa 104, yaani riyali 650 kwa mwezi.

Hapo ndipo ninaposita. Muda wa mapumziko hauhesabiwi kuwa kazi, na mwajiri atadai kijana alipumzika saa nzima kila zamu. Akiaminiwa, 650 inashuka hadi 487.50. Nikamuuliza: ukienda kula, nani anashika lango?

“Ni mimi mwenyewe, Ustadhi. Sahani naiweka juu ya daftari la zamu.”

Basi nalo daftari alipige picha, kila ukurasa wenye saa zake za kuingia na kutoka, kabla hajaenda Wizara ya Kazi.