Dozi ya TB aliimaliza, mbona makohozi hayakauki?

Tuseme ni mvuvi wa dagaa wa Ujiji, miaka 46. Alimaliza miezi 6 ya dawa za TB miaka minne iliyopita, lakini kila asubuhi anatoa robo kikombe cha makohozi ya njano. Majirani wameshatoa hukumu.

Dhana: TB imerudi.

Inawezekana, kwa hiyo apimwe kwanza. Lakini mara nyingi TB imeshakufa na kuacha kovu. Ukuta wa njia ya hewa una misuli na nyuzi zinazovutika, na ndani yake vinyweleo vinavyosukuma ute juu. Ugonjwa ukila nyuzi hizo, njia inabaki pana kama lastiki ya kaptura iliyolegea. Ute unatuama, bakteria wanazaliana, na chembe nyeupe za damu zinapopigana nao zinamwaga kemikali zinazozidi kuula ukuta. Hiyo ndiyo bronkiektasisi. Eksirei yaweza isiione. Huonekana vizuri kwenye si-ti skani. Hata kipimo cha vinasaba vya TB huweza kumpotosha mtu aliyewahi kutibiwa, maana huweza kuokota mabaki ya vijidudu vilivyokufa. Hapo makohozi huoteshwa maabara.

Dhana: kikohozi kizuiwe.

Hapa ndipo dawa ya maji ya kutuliza kikohozi inapomharibia: inafungia uchafu ndani. Anachohitaji ni kuutoa, asubuhi na jioni, kabla ya kula. Anakaa wima na kupumua taratibu, mabega yamelegea. Kisha anavuta pumzi ndefu tatu au nne, kila moja akiishikilia sekunde mbili au tatu. Anatulia tena. Halafu anaacha mdomo na koo wazi na kusukuma hewa nje kwa nguvu, kama anayetia ukungu kwenye kioo: haaa. Ute ukifika juu, anakohoa na kutema. Anarudia mpaka “haaa” isikike kavu mara mbili, kwa kawaida dakika 10 hadi 30. Akitema damu, aache zoezi aende hospitali.

Dhana: makohozi ya njano, basi antibayotiki.

Kwake njano ni rangi ya kila siku. Dawa inahitajika hali ikibadilika kwa siku mbili au zaidi: kikombe kinajaa zaidi, makohozi yanakuwa mazito au ya kijani, pumzi inabana, mwili unachoka. Makohozi yachukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza, kisha dozi, mara nyingi ya siku 14. Amoksilini ya siku tano kutoka duka la dawa haimgusi kabisa bakteria aitwaye sudomonasi, ambaye hupenda njia hizi. Siprofloksasini humgusa, ila ikimezwa kiholela huipunguza makali TB ambayo haijagunduliwa: mgonjwa anapata nafuu ya wiki chache, na ugonjwa wenyewe unachelewa kujulikana.