Huyo unayetaka kumjibu ameshaondoka

Jana tena. Mwenye nyumba ya wageni huko pwani ya mashariki ya Unguja kanitumia picha ya maoni ya nyota moja na swali lilelile ninaloulizwa na kila mtu: "Nimjibu vipi huyu mpaka aone haya?"

Jamani, huyo ameshaondoka. Anayekusoma sasa ni mtu mwingine kabisa. Kafungua nyumba tatu za wageni kwenye simu, bei zinakaribiana, na kwenye Google Maps ameyapanga maoni kuanzia nyota za chini ili ajue baya linalompata mtu kwako ni lipi. Jibu andikia huyo.

Maoni yenyewe yalisema hivi, kwa ufupi: picha ni za uongo, bahari hakuna, ni matope na majani mpaka upeo wa macho, halafu usiku umeme ulikatika na feni ikazima. Mwenye nyumba alikuwa ameshaandaa jibu: "Wewe ni wa kwanza kulalamika. Ungesoma kuhusu kupwa na kujaa kabla ya kusafiri. Na tunakumbuka ulivyorudi usiku ule na mwenzako."

Hapo pana makosa matatu, na la tatu ndilo linaloniudhi zaidi. "Wa kwanza kulalamika" inaanguka mara msomaji akishusha skrini kidogo na kumkuta wa pili. Kumwambia mgeni angesoma ni kumtukana na msomaji pia, maana naye hajasoma. Lakini kutaja alirudi na nani, saa ngapi, chumba gani! Msomaji hatakumbuka ulikuwa na haki. Atakumbuka kwamba nyumba hii huanika siri za wageni wake.

Wengine hukimbilia upande wa pili: "Tunaomba radhi kwa usumbufu, tafadhali wasiliana nasi." Limebandikwa chini ya kila lalamiko, la maji, la kunguni, la bili. Halina neno hata moja la bahari wala la feni, kwa hiyo msomaji anabaki na maelezo ya mlalamikaji peke yake.

Tulikaa tukayachambua maoni. Bahari: kweli tupu. Pwani ile maji yakipwa huenda mbali kuelekea kwenye mwamba, na mgeni alikuja siku za bamvua, mwezi mpevu, ambapo maji hutoka zaidi kuliko kawaida. Picha: hapa ana hoja. Zote kumi na kitu zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Feni: kweli, wakati ule hapakuwa na betri. Tulilomaliza nalo, kwa Kiswahili, linasomeka hivi:

"Asante kwa kuandika. Ni kweli, hapa bahari hutoka na kurudi mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika hamsini kila siku. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hutoka mbali sana, na kwa saa kadhaa hutaweza kuogelea. Picha zetu hazikuonyesha hilo. Sasa tumeweka za maji kupwa pia. Ukituandikia tarehe zako kabla ya kulipa, tutakutumia saa za maji. Umeme ulipokatika feni ilizima na usiku ulikuwa wa joto. Tumefunga betri inayoendesha feni na taa za vyumba. Kiyoyozi haiendeshi."

Angalia sentensi ya mwisho. Mwenye nyumba aliipinga: kwa nini tujisemee vibaya? Kwa sababu ndiyo inayofanya zilizotangulia ziaminike. Na anayetaka kiyoyozi usiku kucha ataenda kwingine badala ya kuja kukupa nyota moja nyingine.

Fidia usiitangaze hapo. Kama unarudisha pesa, rudisha kimya, na usiifunge na sharti la kufuta maoni. Google inakataza kabisa. Kuripoti maoni yaondolewe nako kuna mipaka: matusi au mtu ambaye hakuwahi kuja, ripoti. "Sikubaliani naye" si sababu.

Pale ambapo mimi mwenyewe sina uhakika ni nyota moja isiyo na neno lolote. Nimeona majibu marefu ya kujitetea chini ya nyota kama hiyo, na yakaivutia macho kuliko ilivyostahili. Siku hizi huandika mstari mmoja wa kuuliza nini kilitokea, au huiacha tu. Wenzangu wengine hujibu zote. Hawajanishawishi, na mimi sijawashawishi.

Jambo moja watu hulisahau: jibu linaweza kuhaririwa. Betri ikifa mwakani na hujanunua nyingine, ingia ufute ile sentensi ya feni kabla mgeni hajaisoma akiwa kwenye joto.