Kufuli zito la stoo na upinde wake

"Kufuli likiwa kubwa na zito, stoo ya nje iko salama."

Ukubwa wa mwili wa kufuli hauonyeshi nguvu yake, kwa sababu mwizi mwenye mkasi wa kukatia nondo hagusi mwili huo, bali hukata upinde wa chuma unaopita kwenye komeo. Kufuli la milimita 70 lenye upinde wa milimita 8 wa chuma laini hukatika upesi kuliko dogo la milimita 50 lenye upinde wa milimita 10 uliogumishwa kwa moto. Ugumu huo hupimwa kwa tupa: chuma laini huchimbika, kwenye kigumu tupa huteleza. Upinde uwe mfupi pia, maana nafasi tupu ndani yake ndiyo inayopokea mtaimbo.

Kwa banda la Tanga, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, mwili wa shaba nyeupe haushiki kutu, lakini upinde wake wa kawaida huanza kushika kutu pale unapoingia mwilini, ukakwama. Upinde wa chuma kisichoshika kutu huvumilia zaidi, ingawa kwa kawaida ni laini kuliko ule uliogumishwa. Mimi ningechagua kufuli lenye upinde uliogumishwa na kupakwa kromu, na lenye kifuniko cha tundu la ufunguo, likining'inia tundu likitazama chini ili mvua isiingie.

Kabla ya kununua, pima tundu la komeo: upinde wa milimita 10 haupiti kwenye tundu la milimita 8. Komeo lenyewe lifungwe kwa bolti zenye nati upande wa ndani, kwani skrubu fupi hung'oka kufuli likiwa zima.