Wiki ya ukata huonekana wapi kwenye makadirio ya fedha?

"Nauza vizuri, mbona kuna wiki nakaukiwa kabisa? Naweza kuijua wiki hiyo kabla haijafika?"

Unaweza, ila acha kuangalia jumla ya mwezi. Angalia mstari wa chini kabisa wa jedwali la makadirio, salio la mwisho, wiki kwa wiki.

Tuchukue karakana ya kushona sare za shule. Inaanza mwezi na shilingi 1,200,000. Mauzo ya dukani huingiza kama 700,000 kwa wiki, na matumizi ya kawaida ni 600,000. Wiki ya kwanza mauzo yanafika 800,000, salio linakuwa 1,400,000. Wiki ya pili vitambaa vya 1,000,000 vinalipiwa, zinabaki 500,000. Wiki ya tatu mwenye nyumba anataka pango la miezi mitatu, 900,000, na salio linashuka hadi hasi 300,000. Wiki ya nne shule inalipa deni lake la 2,000,000, mafundi wanapewa mishahara ya 700,000, na salio linapanda hadi 1,100,000.

Ukiutazama mwezi mzima, ulianza na 1,200,000 ukamaliza na 1,100,000. Nani angeshtuka? Shimo la wiki ya tatu limefunikwa na hela ya wiki ya nne.

Sasa fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa: isogeze hela ya shule wiki mbili mbele, maana shule na cheki zake tunazijua. Wiki ya nne salio linakuwa hasi 900,000. Wiki ya tano mauzo yanazidi matumizi, na bado uko hasi 800,000. Ndiyo maana kulinganisha kilichoingia na kilichotoka katika wiki moja hakutoshi. Deni la wiki zilizopita linakufuata. Hapo umepata majibu mawili. Wiki ya kwanza yenye hasi, yaani ya tatu, ndiyo kikomo chako cha kujipanga. Na hasi kubwa kuliko zote, 900,000, ndicho kiasi cha kutafuta. Anayekopa 300,000 kwa kuangalia wiki ya tatu peke yake atarudi kukopa tena wiki inayofuata.

Pengine hata mkopo hauhitajiki. Muuza vitambaa akikubali nusu ya hela yake isubiri hadi wiki ya sita, na shule ikitanguliza 500,000 wiki ya tatu, shimo lote linafukiwa, ingawa wiki ya nne utabakiwa na 100,000 tu mkononi.

Jedwali hili hudanganya hasa pale mtu anapoandika tarehe ya kukabidhi mzigo badala ya tarehe hela inapoingia. Kila Jumamosi weka salio halisi kando ya lile ulilokadiria. Likiwa pungufu wiki tatu mfululizo ilhali mauzo hayajashuka, wadaiwa wako wanachelewa kuliko ulivyoandika, kwa hiyo sogeza malipo yao yote mbele.