"Dada, meneja wangu asijue"

Jana usiku nimepata ujumbe wa tatu mwezi huu wenye maneno yaleyale: "Dada, nataka kuhamia manunuzi, ila naomba meneja wangu asijue." Mimi ni afisa ajira katika kampuni ya korosho hapa Mtwara, na ahadi hiyo siwezi kuitoa. Nimechoka kuirudia kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naiandika.

Kuulizia nafasi na kuomba nafasi ni mambo mawili. Ukiniuliza kama nafasi iko wazi, daraja lake na vyeti vinavyotakiwa, hayo yanabaki kwangu. Siku ukijaza fomu ya uhamisho wa ndani, siri imekwisha. Kwetu, sehemu ya pili ya fomu anaijaza meneja wako: tathmini yako ya mwisho, onyo kama lipo, na tarehe anayoweza kukuachia. Na hata fomu isingekuwa hivyo, mkuu wa manunuzi anakula kantini moja na meneja wako. Atamuuliza habari zako kabla sijapanga usaili.

Nichukue kisa cha karani wa ghala aliyenifuata Agosti. Ujumbe wake wa kwanza ulisema amechoka ghalani na meneja anambana. Nilimwambia aufute aandike upya, maana hayo ni malalamiko, nayo yana njia yake. Nikiyapokea ndani ya ombi la kuhama, sijui nishughulikie lipi kwanza, na mkuu wa manunuzi ataona mtu anayekimbia. Wa pili ulikuwa hivi:

"Shikamoo dada. Mimi ni karani wa ghala, mwaka wa tatu sasa. Nimeona tangazo la afisa manunuzi msaidizi. Napokea mzigo wa vyama vya msingi na kulinganisha uzito na stakabadhi, hivyo kazi ya wauzaji na hati zao naifahamu. Naomba kujua kama diploma ya ugavi inatosha. Sijaomba bado, nikiamua kuomba, nitamwambia meneja wangu kwanza."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayonifaa kuliko zote, kwa sababu inaniambia niko hatua gani na ninyamaze mpaka lini. Watu wengi huiharibu. Wanaandika "meneja wangu anafahamu" kumbe walimtajia siku moja wakinywa chai kwamba wangependa kujifunza manunuzi. Huko si kufahamu. Nikimpigia meneja nikakuta hana habari, anakasirika kwa kuchezewa kuliko kwa kuondokewa, na mimi nimekuwa mshirika wako bila kujua. Wengine wananitumia baruapepe na kumwekea meneja nakala, wanahesabu wameshamjulisha. Mtu aliyekufundisha kazi anasoma habari zako kwenye nakala! Mfuate ofisini, uso kwa uso, siku moja au mbili kabla ya kujaza fomu. Baada ya hapo mwandikie mistari miwili ya kukumbushia mliyoongea.

Pia angalia neno unalotumia. Ukimwambia "naomba ruhusa," umempa mamlaka ya kukataa, ambayo kwa utaratibu wetu hana. Anachoweza kukataa ni tarehe. Ukimwambia "nimeshaomba," umemvunjia heshima. Karani yule alisema: "Mzee, kuna nafasi manunuzi, nakusudia kuomba wiki hii. Nimeona nikwambie mwenyewe, na tupange ghala lisiyumbe."

Meneja alinung'unika, na alikuwa na haki. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kumtoa karani wakati huo ni kuacha magunia bila mtu anayeyajua. Wakakubaliana aondoke Februari. Niliiandika tarehe hiyo kwenye fomu wote wakiwepo, kwani "baada ya msimu" ya mdomo huwa haina mwisho. Kabla ya kuhama, mzigo ulihesabiwa gunia kwa gunia, wakasaini karani yule na karani mpya. Usikubali kuliacha ghala bila hesabu hiyo; upungufu ukionekana Machi, utatafutwa hukohuko manunuzi.

Barua ya kuacha kazi usiandike, hata ukiambiwa ni utaratibu. Hujaachana na mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka masharti yako yakibadilika mwajiri ashauriane nawe, ayarekebishe na akujulishe kwa maandishi. Dai hiyo barua, yenye cheo na mshahara mpya.

Kuna jambo linaloninyima amani. Nina meneja mmoja ambaye kila anayemwambia mapema hupangiwa zamu za usiku mpaka akate tamaa. Kwa watu wake siwezi kusema "mwambie kwanza" kwa moyo mweupe. Huwa nawaomba wanijulishe siku watakayomwona, niiandike, na nichukue nakala ya ratiba ya zamu ya wiki hiyo. Mara moja ratiba hiyo ilitusaidia. Mara nyingine kijana aliondoka kampuni kabla sijapeleka jambo juu.